Tokeni zinakataa mara moja moja: nirefushe muda, nisamehe sekunde, au niulize seva kuu?

mkomani_lamu
Asalaam alaykum wakubwa. Nashughulikia mfumo wa tiketi za basi la Malindi hadi Mokowe na boti ya kuvukia Lamu. Tokeni zinatolewa na seva iliyo Nairobi, kila moja inaishi dakika 5. Maombi yanapokewa na seva mbili za ofisini Malindi, m1 na m2, na nginx inayagawa kwa zamu. Makarani wanaingia kwa simu, wanapiga tiketi skani, na mara moja moja wanapata 401. Wakijaribu tena inakubali. Jana nilihesabu logi: maombi 412 yamekataliwa kati ya 6,530. Karani wa Mokowe ana watu arubaini wamepanga foleni juani na boti inangoja, simu inamwambia hana ruhusa.

Nimefikia njia tatu na sijui nishike ipi:
kurefusha tokeni hadi saa nzima. Kuiambia seva isamehe sekunde kadhaa. Au kuacha kukagua tokeni hapa na kuiuliza seva ya Nairobi kwa kila ombi.

watamu_kodi
Hiyo ni saa za Afrika Mashariki, kaka. Seva moja iko UTC na nyingine iko saa tatu mbele. Weka zote UTC, tatizo limekwisha. Mimi lilinipata hilohilo mwaka juzi.

stima_kwetu
Hata huku Langoni tokeni zimetusumbua. Unaingiza tarakimu zote ishirini, mita inakataa, unaingiza tena inakataa. Sisi tuliambiwa tuingize namba za kusasisha mita kwanza. Jaribu hivyo.

bi_kaskazi
Ndugu yangu stima_kwetu, hizo zako ni tokeni za umeme, mwenzetu anaulizia tokeni za kuingilia kwenye mfumo. Lakini hukwenda mbali sana. Tokeni ya mita nayo hubeba muda ndani yake, dakika zilizohesabiwa tangu 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana mita zote zilitakiwa kusasishwa kabla ya siku hiyo. Kama yako haikusasishwa, nenda ofisini kwao.

Sasa mkomani_lamu. Kabla ya kuchagua njia, tueleze kwanza logi inasema nini hasa. 401 peke yake haitoshi. Tafuta jina la kosa ambalo maktaba imelitaja, na kila kosa limetoka seva ipi.

Na watamu_kodi, sikatai kwamba ulikumbwa na jambo hilo. Ila muda ulio ndani ya tokeni ni sekunde tangu 1970 kwa UTC, haujui kama uko Malindi au Muskat. Ukanda wa saa huharibu pale tu mtu alipoandika msimbo vibaya, mathalani `datetime.utcnow().timestamp()` kwenye mashine iliyowekwa saa za hapa. Hapo tofauti inakuwa sekunde 10,800 kamili. Tokeni ya dakika 5 ikikosewa kwa saa tatu, upande huo ungekataa siku nzima, au usingekataa hata tokeni iliyokufa. Yeye anasema akijaribu tena inakubali. Hiyo ni tofauti ndogo kuliko umri wa tokeni.

mkomani_lamu
Shukran dada. Nimepekua. Makosa ni ya aina mbili. Mengi ni `ImmatureSignatureError: The token is not yet valid (iat)`, na yote yametoka m2, hakuna hata moja la m1. Machache, kama 30, ni `ExpiredSignatureError: Signature has expired`, na hayo yako m1 na m2. Hilo la pili lilinipoteza, nilidhani sahihi imeharibika nikaanza kubadilisha funguo.

Nimeongeza mstari wa kuandika saa ya seva pembeni ya tokeni iliyokataliwa. Huu ni wa leo saa tano asubuhi:

```
m2 now=1745999981 iat=1746000012 exp=1746000312
```

bi_kaskazi
Funguo ziache, sahihi yako ni nzima. Jina la kosa hilo hupotosha watu wengi.

Tazama mstari wako. Tokeni imezaliwa 1746000012, na m2 inadhani sasa hivi ni 1745999981. Kwa m2, tokeni hiyo itazaliwa sekunde 31 zijazo, basi inaikataa. Na ombi halikufika papo hapo, karani alichukua sekunde chache tangu apewe tokeni. Kwa hiyo m2 imebaki nyuma kwa zaidi ya 31.

Ndiyo sababu akijaribu tena inakubali. Ama zamu imempeleka m1, ama sekunde zimepita na saa ya m2 imeifikia tokeni. Pima pengo lenyewe: endesha `date -u +%s` kwenye seva zote tatu kwa wakati mmoja, kisha kwenye m2 iulize chrony, programu inayolinganisha saa ya seva na saa za mtandaoni: `chronyc tracking` na `chronyc sources`.

mkomani_lamu
m1 na Nairobi zinalingana. m2 iko nyuma sekunde 38. Lakini dada, chrony ya m2 inasema haina tofauti yoyote:

```
Reference ID    : 00000000 ()
Stratum         : 0
System time     : 0.000000000 seconds fast of NTP time
Leap status     : Not synchronised
```

Hii sifuri inatoka wapi?

bi_kaskazi
Hapo ndipo wengi hunaswa. Soma mstari wa mwisho kwanza: haijalinganishwa na saa yoyote. Sifuri hiyo maana yake haina cha kujilinganisha nacho. Kwenye `chronyc sources` bila shaka safu ya Reach ni 0 kwa kila chanzo, yaani inauliza na haijibiwi. Mara nyingi ni mlango wa UDP 123, ule wa kuulizia saa, umefungwa. Je, kuna kitu kilibadilishwa kwenye mtandao wiki kama tatu nyuma? Kompyuta ya kawaida isipolinganishwa huweza kupotoka sekunde moja na nusu hadi mbili kwa siku, na 38 ni kama siku ishirini na kitu.

mkomani_lamu
Wallahi nimesisimka. Siku 22 zilizopita ruta ilibadilishwa. Fundi alifungua 123 kwa anwani ya m1 peke yake. Reach ya m2 ni 0 kote kama ulivyosema.

bi_kaskazi
Basi hesabu yako inakaa sawa. Kila tokeni ya sekunde 300, zile 38 za mwanzo m2 haiitambui, na m2 hupokea nusu ya maombi. 38 kwa 300, ukigawa kwa mbili, ni asilimia 6.3. Na 412 kati ya 6,530 ni asilimia 6.3. Najua hizo 30 za kuisha muda zimo humo, kwa hiyo si kipimo cha kupimia dhahabu, lakini uzito karibu wote ni wa saa ya m2.

Sasa tuzipime njia zako.

Kurefusha tokeni hakutibu kitu hapa. Kosa liko mwanzoni mwa maisha ya tokeni, na wewe unarefusha mwisho. Karani akiingia ataendelea kukataliwa sekunde 38 za kwanza. Asilimia itashuka kwa kuwa tokeni mpya zitakuwa chache, nawe utadhani umepona, huku simu iliyoibiwa gatini ikiwa na ruhusa ya saa nzima.

Kusamehe sekunde ni halali, hata kanuni ya tokeni hizi, RFC 7519, inauruhusu, kwa kawaida usizidi dakika chache. Lakini msamaha hulipwa mara mbili: ukisamehe 60, tokeni iliyokufa nayo inaishi 60 zaidi. Na ukiweka 60 leo bila kurekebisha saa, m2 itaendelea kurudi nyuma, na baada ya wiki mbili hivi makosa yatarudi nawe umeshasahau sababu. Rekebisha saa kwanza. Fungua 123 kwa m2, hakikisha Reach imepanda, kisha usiku wakati hakuna boti endesha `chronyc makestep` ili saa iruke mara moja. Baada ya hapo weka msamaha mdogo:

```
jwt.decode(tok, key, algorithms=["RS256"], leeway=10)
```

Seva zenye chrony inayofanya kazi hutofautiana kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, 10 ni nyingi kabisa.

msabaha_ops
Nakubaliana na saa, ila mimi ningekwenda njia ya tatu. Kuuliza seva kuu kunaondoa ugomvi wa saa, maana saa inayoamua ni moja tu. Na karani akifukuzwa kazi, ruhusa inakatika papo hapo. Ofisini kwetu tulihamia huko baada ya mashine pepe zetu kuwa zinasimamishwa usiku na kuamka asubuhi na saa ya jana.

bi_kaskazi
Kwa ofisi yenye intaneti imara sikupingi. Kwake yeye kila skani ingesafiri hadi Nairobi na kurudi, na siku waya ukikatika Malindi nzima inasimama, hata kama tiketi zote zimo m1. Seva zile ziliwekwa Malindi kwa sababu hiyo.

watamu_kodi
Nimeelewa kuhusu ukanda, asante. Lakini zile 30 za kuisha muda? m2 iliyo nyuma ingepaswa kukubali tokeni kwa muda mrefu zaidi, si kuzikataa mapema.

bi_kaskazi
Umeona vizuri. Hizo si za seva. mkomani_lamu, programu ya simu huamuaje kwamba wakati umefika wa kuomba tokeni mpya?

mkomani_lamu
Inasoma `exp` na kulinganisha na saa ya simu. Na sasa najua: simu mbili za Mokowe saa zake zimewekwa kwa mkono, moja iko nyuma dakika 2. Inabeba tokeni iliyokufa ikidhani bado ina uhai.

bi_kaskazi
Usiiamini saa ya simu. Chukua `expires_in` inayokuja na tokeni, anzisha kihesabu cha muda uliopita ndani ya simu, kile kisichoguswa mtu akibadilisha saa, na uombe mpya sekunde ya 240. Ombi likikataliwa kwa kuisha muda, omba tokeni mara moja, rudia ombi mara moja, kisha acha. Ukirudia bila kikomo utajikuta unaishambulia seva yako mwenyewe.

mkomani_lamu
Saa nne usiku wa leo: 123 imefunguliwa, nimeirusha saa, m2 inasoma tofauti isiyofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Tangu hapo hakuna `ImmatureSignatureError` hata moja, ingawa usiku maombi ni machache, nitasema zaidi kesho boti za asubuhi zikianza. Nimeweka pia onyo litakalonipigia iwapo m1 au m2 itapita sekunde 2.

Kumebaki jambo moja. Karani anayeskani ndani ya boti wakati mwingine hupoteza mtandao katikati ya maji kwa dakika kumi. Akifika jeti ya Lamu tokeni imekufa, na tiketi alizoskani zimekaa kwenye simu zinangoja kutumwa.

msabaha_ops
Kwa boti peke yake mpe tokeni ya dakika 20.

bi_kaskazi
Sioni haja. Akipata mtandao aombe tokeni mpya kwanza, ndipo atume zilizolala. Swali langu ni jingine: tiketi hizo ziandikwe zimeskaniwa saa ngapi, kwa saa ya simu ile iliyo nyuma dakika 2?

mkomani_lamu
Hilo sikuliwaza. Ngoja nitazame kumbukumbu za wiki hii.