Ushauri: beti ya bure ya 10,000 au bonasi ya 20,000 juu ya pesa niliyoweka, ipi ina nafuu?

Kijana wa Kibirizi
Habari zenu wakuu. Nipo Kigoma, Kibirizi, shughuli zangu ni dagaa. Nabeti wikiendi tu, kwa hela ambayo nimeshaitenga pembeni na mtaji. Kuna kampuni mbili zimeniletea ofa na nataka nichukue moja.

Ya kwanza: nikiweka 20,000 wananiongezea bonasi ya 20,000. Bonasi hiyo naizungusha mara 5 ndani ya siku 14, yaani nibeti jumla ya 100,000. Kila mkeka uwe na timu tatu au zaidi, na kila timu odi isipungue 1.40.

Ya pili: nabeti kwanza 10,000 yangu. Mkeka huo ushinde au uchanike, wananipa beti ya bure ya 10,000. Chini kabisa wameandika kwamba dau la beti ya bure halirudishwi.

Kwa macho tu 20,000 ni kubwa kuliko 10,000. Ila rafiki yangu hapa mwaloni anasema nisidanganyike na ukubwa wa namba. Nisaidieni hesabu.

Mzee wa Mikeka
Chukua beti ya bure, kijana. Haina habari ya kuzungusha. Unaitupa kwenye odi 2.00, timu ikishinda una 20,000 yako mkononi. Hizo bonasi za kuzungusha zinaishia kukumaliza.

Hesabu za Ujiji
Mzee wangu, ya kuzungusha umesema kweli, lakini kwenye malipo hapana. Dau halirudi, kwa hiyo odi 2.00 itamlipa 10,000, siyo 20,000. Kila mara unatoa 1 kwenye odi. Odi 1.40 kwa pesa yako mwenyewe ya 10,000 inakupa 14,000. Kwa beti ya bure inakupa 4,000 tu.

Mdogo wangu wa Kibirizi, tuanzie hapo. Watu wengi wakipewa beti ya bure wanatafuta timu ya uhakika ili "isipotee bure". Kwa beti isiyorudisha dau hapo ndipo unapoiua thamani yake.

Chukua mechi moja: mwenyeji 2.10, sare 3.10, mgeni 3.40. Gawa 100 kwa kila odi halafu jumlisha: 47.6, 32.3 na 29.4, jumla 109.3. Kile kilichozidi 100 ndicho chakula cha kampuni. Kwa mechi kama hii, katika kila 100 unayobeti, kwa wastani inarudi 91.50.

Sasa weka beti ya bure kwa mgeni, odi 3.40. Akishinda unapata 24,000. Nafasi yake, ukiondoa chakula cha kampuni, ni kama 27 kwa 100. Kwa hiyo beti hiyo ina thamani ya karibu 6,500. Iweke kwenye timu ya odi 1.40 ya mechi yenye makato yaleyale: nafasi ni 65 kwa 100, lakini unalipwa 4,000, thamani yake 2,600. Ofa ni ileile, umepoteza zaidi ya nusu kwa kuchagua timu ya uhakika.

Usisahau kwamba ili uipate unabeti 10,000 yako kwanza, na hapo kwa wastani unaacha 850. Bado unabaki na kama 5,600.

Mama wa Gungu
Mimi naomba niseme yaliyonikuta, maana hesabu hazionyeshi kila kitu. Nilipewa beti ya bure na kampuni moja, nikaiweka kwenye mechi, mechi ikaahirishwa. Kwa pesa yangu dau lingerudi. Beti ya bure haikurudi, wakaniambia muda wake umeisha. Tena mechi ikiwa inaendelea huwezi kuutoa mkeka mapema, kitufe hakionekani. Mwanangu soma hayo mawili kabla hujaweka hata shilingi.

Mzee wa Mikeka
Sawa, nimeelewa dau halirudi. Basi si aweke mkeka wa odi 50 kabisa? Kama odi kubwa ndiyo nzuri.

Hesabu za Ujiji
Odi kubwa ndiyo, ila siyo kwa kurundika timu. Kila timu unayoongeza, makato ya kampuni yanakatwa tena juu ya makato. Timu moja inarudisha 91.50 kwa 100. Mkeka wa timu tatu, 91.5 ya 91.5 ya 91.5, inarudi 76.60 tu. Na hata kwenye mechi moja, timu zenye odi kubwa mno mara nyingi ndizo zinazokatwa zaidi. Mimi ningekaa kati ya odi 3 na 6, mechi moja, beti yote kwa mara moja.

Hapohapo ndipo bonasi ya 20,000 inapoharibika. Wamemlazimisha timu tatu. Akimaliza kubeti 100,000 yote, kwa wastani inapotea 23,400. Bonasi yenyewe ni 20,000. Sharti hilo moja limeila yote na kugusa pesa yake. Wangemruhusu mechi mojamoja ingepotea 8,500, angebaki na 11,500, na hapo ningemwambia aache beti ya bure akimbilie bonasi. Kwa hiyo msiseme bonasi ya kuzungusha ni mbaya siku zote. Angalia wanazungusha nini, bonasi peke yake au bonasi pamoja na pesa uliyoweka, na kwa mkeka wa namna gani.

Shabiki wa Lake Tanganyika
Mashujaa akiwa nyumbani mpe tu, hafungwi kirahisi. Weka beti ya bure hapo.

Hesabu za Ujiji
Ndugu yangu, ameuliza ofa, hajaomba timu. Mashujaa wakipewa odi 1.60 nyumbani, beti hiyo italipa 6,000. Kama anawapenda, awabeti kwa ile 10,000 ya kwanza, kwa sababu ile dau lake linarudi.

Binti Mwandiga
Kaka, hizo ni wastani. Beti moja ya odi 3.40 inachanika mara nyingi kuliko kushinda. Asijekuona 6,500 akadhani ni hela ataiona.

Hesabu za Ujiji
Kweli kabisa dada. Ni mara tatu kati ya nne hivi anatoka mtupu. Ndiyo maana ile 10,000 ya kwanza iwe hela ambayo akiipoteza hatikisiki.

Kijana wa Kibirizi
Nashukuru sana. Nimerudi kusoma masharti ya ile ya pili. Beti ya bure inakaa siku 7, haigawanyiki, odi isipungue 2.00. Ila kuna mstari nilikuwa sijauona: ushindi wa beti ya bure unaingia kama bonasi, unauzungusha mara 1 kabla ya kutoa. Hawajataja idadi ya timu.

Hesabu za Ujiji
Kama ni mara 1 kwa mechi moja, 6,500 inashuka hadi kama 5,900. Bado inaishinda ile nyingine. Kama nayo wanataka timu tatu, inashuka hadi 5,000 hivi. Waandikie huduma kwa wateja wakujibu kwa maandishi, upige picha jibu lao. Waulize pia kama kuna kikomo cha ushindi wa beti ya bure, na kodi ya ushindi wanaikata lini, kabla au baada ya kuzungusha.

Mama wa Gungu
Na mechi ikiahirishwa inakuwaje. Muulize hilo kwanza.

Kijana wa Kibirizi
Nimewaandikia yote manne. Wakijibu nitaleta hapa.