Naomba ushauri: video ya visu vyangu inazuiwa kwa baadhi ya wateja

Habari za kazi wakuu,

Nina duka dogo la vyombo vya jikoni Kariakoo. Wiki iliyopita nilipandisha YouTube video ya dakika mbili ya visu vya buchani: nanoa kisu kwenye jiwe, nakisogeza karibu na kamera, kisha nakata nyama ya mfupa. Linki nikaituma Wasapu.

Mke wangu anaiona vizuri. Wateja wengine wanaambiwa waingie kwenye akaunti kwanza ili wathibitishe umri. Nimejaribu mwenyewe: nikitoka kwenye akaunti yangu, nami nazuiwa. Kwa hiyo nahisi imewekewa kikomo cha miaka 18, labda kwa sababu ya kisu na damu ya nyama. Nilipoipandisha nilichagua "si maalumu kwa watoto", ila najua hilo ni tofauti na kusema ni ya watu wazima tu. Sehemu ya umri sikuigusa. Muziki sikuweka, kwa hiyo hakimiliki naiondoa.

Mteja mmoja ana akaunti na ni mtu mzima, lakini kwa waifai ya ofisini haioni kabisa. Akitumia bando lake inafunguka. Huyo nadhani ni kichujio cha ofisi yao, siyo video yangu.

Naombeni mnisaidie: nikate rufaa, ambayo ni mara moja tu kwa kila video, au nirekodi upya nikikata nyanya badala ya nyama? Oda zimepungua na mzigo nimeshaulipia.

Asanteni sana.