Ulinganisho: karne-zetu, sanaaasilia au pichazakale?

Mtunzapicha: Wakuu, natafuta domeni ya tovuti ya picha za kihistoria. Nimebaki na tatu: karne-zetu, sanaaasilia na pichazakale, zote za .com. Karnezetu bila kistari tayari ina mwenyewe, na tovuti yake inafanya kazi. Mngechagua ipi?

Baharia: Chukua karne-zetu. Injini za utafutaji husoma kistari kama nafasi kati ya maneno, kwa hiyo haitakuumiza.

Fundi wa Seva: Baharia, kwenye utafutaji ni kweli. Tatizo liko mdomoni. Mtu akimtajia mwenzake jina hilo hatasema "kistari", na mwenzake ataishia kwa yule jirani. Baruapepe ni mbaya zaidi: ikiwa jirani ameweka seva ipokee anwani yoyote ya domeni yake, barua yako inaingia kwake na aliyeituma harudishiwi ujumbe wa kosa. Hutajua kamwe kwamba ilipotea.

Kisha andika "karne" kwa herufi ndogo, uisome kwenye simu. Hizo r na n zikikaribiana zinakuwa m, na jina linasomeka "kame". Matapeli hutumia mwanya huohuo kuiga tovuti za watu, na wewe unajiwekea mwenyewe.

Sanaaasilia ina a tatu mfululizo pale maneno yanapokutana. Wengi wataandika mbili.

Zuhura_M: Mimi yangu niliacha muda wake ukaisha, mtu akaichukua. Naweza kumshtaki?

Fundi wa Seva: Hilo ni jambo jingine, Zuhura. Upo utaratibu wa UDRP wa kutatua migogoro ya majina ya domeni, wa ICANN, shirika linaloratibu majina hayo duniani, tangu 1999, lakini lazima uthibitishe mambo matatu: una haki ya alama ya biashara inayofanana na jina hilo, aliyenalo hana haki nalo, na alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Mtunzapicha naye azingatie: jirani akiwa na alama ya biashara, kistari peke yake hakitamwokoa.

Mtunzapicha: Basi pichazakale?

Fundi wa Seva: Kwangu ndiyo. Herufi hazirudiwi kwenye maungio, na hakuna mbili zinazoungana zikasomeka kama herufi nyingine. Ila ijaribu kabla ya kulipa: wapigie simu watu kadhaa wasiojua mradi wako, litaje mara moja tu, wakutumie walichoandika. Kila kosa wanaloandika lichunguze kwenye lookup.icann.org uone kama kuna mwenye jina hilo.

Kitindamimba: Wapo watakaoandika "pichazakare". Inunue na hiyo, uielekeze kwenye tovuti kuu.

Fundi wa Seva: Sikubaliani. Kila nyongeza ina ada ya kila mwaka, na makosa hayaishi. Asubiri majaribio ya simu.

Kitindamimba: Akisubiri, mwingine ataiwahi. Mimi ningeinunua leo.

Mtunzapicha: Naanza kupiga simu jioni hii. Wakiandika "kare" zaidi ya mmoja, nitanunua zote mbili.