1080p ile ile, muvi ile ile, picha mbili tofauti. Hizi apu zinatuuzia nini?

Wakuu leo nina hasira kwelikweli. Nina apu mbili za muvi, zote nalipia kila mwezi, majina nayaacha. Muvi ni ile ile, TV ile ile, setingi za picha sijagusa, na kote inasoma 1080p. Apu ya kwanza, sini ya usiku jamaa anatembea ufukweni, mawingu unayaona, hata mikunjo ya koti lake jeusi unaiona. Hamia apu ya pili sasa: anga limekatika mikanda mikanda, gizani kumejaa viboksi vinavyochezacheza na koti limekuwa doa jeusi. Napiga huduma kwa wateja naambiwa niangalie intaneti yangu!! Intaneti hiyo hiyo ndo imeleta apu ya kwanza ikiwa safi, haijakwama hata kidogo.

Nikaunganisha TV na hotspoti ya simu nione bando linavyoliwa. Dakika 10 zile zile, ya kwanza imekula MB 380 hivi, ya pili MB 110. Pigeni hesabu, MB mara 8 gawanya kwa sekunde 600, ya kwanza inakimbia kwenye Mbps 5 na ya pili Mbps 1.5 tu.

Hiyo 1080p ni idadi ya pikseli basi, milioni 2 na ushee kwa kila picha, na muvi inapitisha picha 24 kwa sekunde. Bitireti ndo data unayopewa ya kuzijaza hizo pikseli. Kwa Mbps 1.5 kila picha inaambulia wastani wa KB 8! Hapo kompresheni lazima itupe vitu, na inatupa kwanza pale inapodhani jicho halitaona, yaani kwenye giza, moshi na ukungu, rangi zinazofifia taratibu zinalazimishwa kuwa rangi moja ndo unapata ile mikanda. Sini za mchana hushtuki, ikifika usiku ndo unalia.

Na wanajua vizuri tu. Machi 2020 kipindi cha korona Netflix walipunguza bitireti Ulaya ili mtandao usielemewe, trafiki yao ikashuka kama asilimia 25, na walisema wazi kila mteja anabaki na rezolusheni aliyolipia. Kumbe lebo inabaki pale pale huku data inapunguzwa! Sasa kwa nini kwenye vifurushi wanatuandikia rezolusheni peke yake, bitireti hawaandiki popote?

kiboko_wa_neti: Mkuu hiyo ni waifai yako. Neti ikisuasua apu inashusha kwaliti yenyewe. Ongeza spidi.

Mleta uzi: Ingeshuka si ingesoma 720p au 480p? Inasoma 1080p muda wote.

fundi_wa_picha: Hapo jamaa ana nusu ya ukweli. Kwenye 1080p yenyewe apu huwa na ngazi zaidi ya moja za bitireti, inaweza kushuka ngazi na namba usione ikibadilika. Ila neti iliyobeba Mbps 5 haiwezi kushindwa 1.5, labda seva zao ziko mbali. Halafu mkuu usihukumu kwa bitireti peke yake. Netflix tangu 2015 wanapanga bitireti kwa kila muvi kivyake, katuni yenye rangi chache 1.5 inaitosha kabisa. Na kuna kodeki, yaani njia ya kubana video, H.265 inahitaji karibu nusu ya data ya H.264 kwa picha ile ile. Ulipimia mwanzo wa muvi? Mwanzoni apu inavuta akiba ya mbele, namba zinadanganya.

Mleta uzi: Nilipima katikati. Na hata hiyo ya pili iwe H.265, 1.5 yake ni sawa na 3 ya H.264, bado haifikii 5.

dada_wa_kinondoni: Mimi simu yangu skrini kali kabisa lakini apu inagoma kuvuka 480p na nimelipia kifurushi kikubwa. Nayo ni bitireti?

fundi_wa_picha: Hapana dada, hiyo ni leseni ya ulinzi wa muvi zisiibiwe. Weka apu inaitwa DRM Info uangalie ngazi ya ulinzi pale kwenye Widevine, ukikuta L3 apu nyingi hazikupi HD hata ulipie nini. Inatakiwa L1.

baba_watoto3: Kwa hiyo hiyo ya pili ndo inakula bando kidogo? Nitajie jina mkuu, mimi natumia simu.

fundi_wa_picha: Kwenye simu kweli hutaona tofauti kubwa. Mleta uzi, kingine ni kwamba apu mbili zinaweza kuwa zimepewa kopi tofauti za muvi na msambazaji. Jaribu muvi nyingine mbili tatu zenye usiku mwingi. Zikiharibika zote kwenye apu ya pili basi ni kompresheni yao, ikiharibika hiyo moja tu hapo hatuwezi kujua.

Mleta uzi: Sawa najaribu wikiendi. Ila hela ya mwezi huu wanirudishie kwanza.