P/E 40 na P/E 5, ipi ghali?

Mgeni wa Soko: Wakuu, nina kampuni mbili mezani. Ya mtandao inakua kwa kasi, bei ya hisa 2,000, faida kwa hisa 50 kwa mwaka, mtaji vitabuni 250 kwa hisa. Benki ya zamani bei ya hisa 400, faida 80, vitabuni 500. Hii ya mtandao si imezidi bei?

Baba Neema: Imezidi. P/E ni bei gawanya kwa faida ya mwaka, 40 maana yake miaka 40 ndo hela irudi, benki miaka 5 tu. Tena P/B ya benki, yaani bei gawanya kwa mtaji wa vitabuni, ni 0.8, mali ya 500 unauziwa 400, unangoja nini?

Shangazi Hisa: Baba Neema, miaka 40 ni kama faida ikiganda. Hawa wanapata 50 kwenye mtaji wa 250, ni 20%, na kama hawatoi gawio na yote inazalisha kwa kiwango hichohicho basi mwaka wa tano faida ni 124, P/E kwa bei ya leo inakuwa 16. P/B ya 8 isikutishe peke yake, hela nyingi ya kutafuta wateja ilishaandikwa kama matumizi, vitabuni huioni. Ila mimi ninapoogopa ni hapa: ukitaka 15% kwa mwaka kwa hiyo miaka mitano, ile 2,000 inatakiwa ifike kama 4,000, na kwa faida ya 124 soko lazima bado likubali P/E ya 32 wakati kampuni inaanza kukomaa. Cisco, ile kampuni ya Marekani ya mitambo ya mtandao, hisa yake ilikuwa kama dola 80 Machi 2000, mwaka 2002 ikawa chini ya 10, na kampuni haikufa, ilikuwa inauza mitambo yake kama kawaida.

Mama Zuu: Mi nilinunua ya P/E 4 nikajiona nimeokota. Kumbe mwaka ule walikuwa wameuza kiwanja, mwaka uliofuata P/E ikasoma 19 na bei haijapanda hata shilingi, bado inaniuma.

Shangazi Hisa: Pole dada. Ndo maana nazisoma pamoja, P/B ni P/E mara faida juu ya mtaji: benki ni 5 mara 16%, unapata 0.8. Anayepata 16% akauzwa chini ya vitabu, ama soko linadai zaidi ya hiyo au haliamini ile 500. Mgeni, fungua mikopo chechefu uone wametenga kiasi gani, ikifutwa 150 kwa hisa vitabuni inabaki 350 na hapo umenunua juu ya thamani.

Baba Neema: Hapo kwenye chechefu nakubali. Lakini gawio la benki la 40 ni 10% mkononi kila mwaka, hiyo 124 yenu bado iko kwenye karatasi.

Mgeni wa Soko: Nimecheki ripoti ya ile ya mtandao, faida mwaka juzi ilikua kwa 31%, mwaka jana kwa 22%.

Shangazi Hisa: Inapoa basi. Ikikua 12% tu, mwaka wa tano faida ni 88 na utahitaji P/E kama ya 46 kufika kwenye 4,000. Mi kwa 2,000 siingii.

Mama Zuu: Mi bado naitaka kuliko benki, ila bei ishuke kwanza.