Juisi ya mzee mwenye presha: balungi, danzi au chungwa?

MwanaKirumba: Habari za jioni wadau. Baba ameacha soda, kesho nataka nimnunulie matunda ya jumla niwe namkamulia glasi kila asubuhi. Mabalungi nimeyapata kwa bei nafuu kuliko machungwa ya Ukerewe. Anatumia dawa za presha. Nichukue yapi?

FamasiaNyegezi: Dawa za presha ziko nyingi, ndugu. Soma majina kwenye boksi, na ya dawa nyingine zote anazomeza.

MamaIgoma: Balungi na dawa ya presha havipatani. Mpe dawa asubuhi na juisi jioni, hazitakutana.

MwanaKirumba: Amlodipini 5 asubuhi, simvastatini 40 usiku. Hii ya pili ni ya mafuta kwenye damu.

FamasiaNyegezi: Basi shida ni hiyo ya pili, amlodipini haiguswi sana. Ukutani mwa utumbo kuna kimeng'enya, CYP3A4, kinachovunja simvastatini nyingi kabla haijafika kwenye damu, na dozi imepangwa kwa kukihesabu. Furanokumarini za balungi zinakiharibu kabisa, hata glasi moja inatosha. Mwili unatengeneza kingine taratibu, siku moja hadi tatu. Ndiyo maana mama yangu, kupishanisha asubuhi na jioni hakusaidii: dawa ya usiku inakuta mlango hauna mlinzi.

MzeeWaMabatini: Yalimkuta mdogo wangu, dawa hiyo hiyo. Msimu wa mabalungi alikuwa hakosi kila siku. Mapaja yakaanza kuuma, akasema ni kuvuta nyavu. Ikafika akawa hawezi kupanda mawe hadi nyumbani, anashika ukuta. Sisi tukamkanda kwa maji ya moto. Siku mkojo ulipotoka rangi ya chai ya rangi ndipo tukamkimbiza hospitali. Wakasema misuli inavunjika na figo ziko hatarini. Alilazwa, akawekewa dripu. Baba akilalamika misuli, usimkande, mpeleke.

MvuviIgombe: Mimi natumia nifedipini na balungi nakula, sijaona kitu.

FamasiaNyegezi: Watu hatulingani kwa wingi wa hicho kimeng'enya. Nifedipini nayo hupanda kwenye damu ukila balungi. Ukiinuka unasikia kizunguzungu? Miguu inavimba?

MvuviIgombe: Miguu ndiyo, jioni. Nilidhani ni kusimama kwenye mtumbwi.

FamasiaNyegezi: Kapime presha wiki hii, kaka, na umwambie daktari habari ya balungi.

MamaIgoma: Basi achukue danzi.

FamasiaNyegezi: Danzi lina furanokumarini zile zile. Chungwa tamu halina neno.

MwanaKirumba: Mzee balungi analipenda mno. Hakuna dawa ya kubadilisha?

FamasiaNyegezi: Rosuvastatini haitegemei kimeng'enya hicho. Ila abadilishe daktari, wewe usimkatishe dawa.

MwanaKirumba: Kliniki ni mwezi ujao. Nitaongea na mzee kwanza, ni mbishi.

MamaIgoma: Machungwa ya Ukerewe kiroba bei gani sasa? Wiki jana pale Kirumba niliuziwa makavu, hayana maji kabisa.