Matazamio miezi mitatu, ameondolewa baada ya miezi minane: hana haki?

Dada wa Makorora: Mdogo wangu aliajiriwa hotelini hapa Tanga, mkataba unasema matazamio miezi mitatu. Ikapita kimya, akaendelea na kazi. Alipotimiza miezi minane kazini, meneja kamwambia "hujathibitishwa, kesho usije." Ni halali?

Baba Salma, Ngamiani: Si halali hata kidogo. Miezi mitatu ikipita bila barua, basi keshathibitishwa. Aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, akadai kazi yake.

Mzee wa Chumbageni: Baba Salma, niliwahi kuwa mwakilishi wa wafanyakazi, na nilisema kama wewe mpaka nikaumbuka. Mahakama ya Rufani ilishaamua, katika kesi ya mfanyakazi wa benki, kwamba ukimya wa mwajiri haumthibitishi mtu.

Lakini dada, matazamio si ruhusa ya kufukuza ovyo. Kanuni za 2007, Tangazo la Serikali namba 42, zinamtaka mwajiri amwambie mfanyakazi dosari zake, amsikilize, ampe muda wa kujirekebisha. Kwenye kikao ana haki ya kuwa na mwenzake. Muulize mdogo wako: aliitwa lini? Alionyeshwa tathmini gani? Kama hakuna karatasi hata moja, meneja ana kazi ya kujieleza.

Na malipo hayangoji barua ya kuthibitishwa. Analipwa mshahara wa siku alizofanya kazi. Anayelipwa kwa mwezi, baada ya mwezi wa kwanza, notisi yake ni siku 28. Akiambiwa kesho usije, alipwe badala yake. Kwa kuwa amepita miezi sita, likizo aliyolimbikiza nayo inalipwa, siku moja kwa kila siku 13 za kazi. Kama ana siku 208, ni 16. Adai na cheti cha utumishi. Kiinua mgongo hapana, hicho kinataka miezi 12.

Binti Pongwe: Shikamoo mzee. Mimi nilikuwa na miezi minne tu, wakajua nina mimba, nikaachishwa. Niliambiwa chini ya miezi sita huna pa kulalamika.

Mzee wa Chumbageni: Marahaba mwanangu. Walikudanganya, na inaniuma. Kutotimiza miezi sita kunakufungia mlango wa kudai umeachishwa isivyo haki. Ubaguzi ni mlango mwingine, mimba imetajwa humo waziwazi, na haulizwi mtu ana miezi mingapi. Muda wake ni siku 60 kufungua shauri Tume. Kuachishwa isivyo haki ni siku 30.

Baba Salma: Nakubali la barua. Ila sheria yenyewe inahesabu miezi sita ya kazi, haisemi kuthibitishwa. Huyu ana minane! Kwa nini afungiwe mlango?

Mzee wa Chumbageni: Hapo ndipo mawakili wenyewe wanapobishana. Mahakama ilimhesabu yule wa benki bado yuko kwenye matazamio, ikamnyima mlango huo wa kuachishwa isivyo haki ingawa miezi ilikuwa imepita. Kwangu mimi, hesabu yako ndiyo ya haki.

Dada wa Makorora: Leo ni siku ya 22 tangu aondolewe.

Mzee wa Chumbageni: Basi kesho asubuhi ajaze fomu CMA F.1, aende na mkataba na hati za mshahara.